MASWALI NA MAJIBU YA NYUMBANI: Hasara Mfululizo, Je, Ni Kawaida ya Soko au Njia Imeharibika?

Juma hili barua nne zimechaguliwa, mbili kutoka Mbale na mbili kutoka Jinja. Waandishi wake hawajuani, na kazi zao si moja, lakini wote wanauliza jambo lile lile. Mtu ana njia yake ya kutafuta riziki, iliyomletea faida siku nyingi. Ghafla anapata hasara, kisha hasara tena, na tena. Je, avumilie akijua kuwa soko hupanda na kushuka, au akubali kuwa njia yake imekwisha? Majina ya waandishi yamehifadhiwa kama walivyoomba.

SWALI LA KWANZA. Mama mmoja wa Mbale hununua kabichi kwa wakulima wa miteremko ya Mlima Elgon na kuzipeleka Jinja kila juma kwa njia ya Tirinyi. Ameandika safari zake katika daftari kwa muda wa miaka miwili, nazo ni safari 100. Safari 60 zilimpa faida, na wastani wa faida ulikuwa shilingi 150,000. Safari 40 zilimtia hasara, na wastani wa hasara ulikuwa shilingi 120,000. Baada ya hizo 100 amekwenda safari saba, na zote saba zimekuwa hasara. Shemeji yake anamwambia aache. Shoga yake anamwambia aongeze mzigo maradufu ili arudishe kilichopotea. Anauliza: hasara saba kwa mfululizo si ushahidi wa kutosha?

JIBU. Kwanza yafaa ijulikane kuwa biashara yenye hasara 4 katika kila safari 10 ni biashara nzima. Kwa hesabu za daftari lake, faida zote ni shilingi milioni 9 na hasara zote ni shilingi milioni 4.8. Tofauti ikigawanywa kwa safari 100, kila safari ilimwachia wastani wa shilingi 42,000. Lakini hasara hizo 40 hazikuahidi kuja kwa zamu, moja leo na nyingine baada ya faida mbili. Huja zitakavyo, na mara nyingine hufuatana.

Kiasi gani zaweza kufuatana? Jambo hili laweza kupimwa jikoni. Na atwae punje 10 za maharage zilizo sawa kwa ukubwa, 6 nyeupe na 4 nyekundu, azitie katika kibuyu. Afumbe macho, achomoe punje moja, aandike rangi yake, kisha airudishe na kutikisa kibuyu kabla ya kuchomoa tena. Nyeupe ni faida, nyekundu ni hasara. Akifanya hivyo mara 100 atakuwa ameishi miaka yake miwili upya, katika soko lisilobadilika hata kidogo.

Atakayoyaona yatamshangaza. Katika michezo mitano ya punje 100, karibu minne itakuwa na mahali ambapo nyekundu nne zimefuatana. Nyekundu tano mfululizo huonekana karibu katika nusu ya michezo, na sita mfululizo katika mchezo mmoja kati ya mitano. Saba mfululizo ni jambo la nadra zaidi, kiasi cha mchezo mmoja kati ya 11. Hakuna aliyeharibu kibuyu, na punje ni zile zile.

Basi hasara nne au tano zisimtoe mtu usingizini. Hasara saba ni haki kuzitilia shaka, lakini shaka si hukumu. Wafanyabiashara 11 wenye njia nzuri kama yake wakienda safari 100 kila mmoja, mmoja wao atapatwa na hasara saba mfululizo bila kosa lolote. Kibuyu hakiwezi kumwambia kama yeye ndiye huyo mmoja. Kazi yake ni kumwonyesha wakati wa kufungua daftari na kutazama ndani ya hasara zenyewe.

Kwa bahati njema mama huyu hakuandika faida na hasara tu. Aliandika pia bei ya shamba, ukodi wa gari, ushuru na upakizi, vichwa vilivyooza, na bei ya kuuzia. Zamani alinunua vichwa 1,000 kwa shilingi 700 kila kimoja, yaani shilingi 700,000. Gari lilikuwa shilingi 200,000, ushuru na upakizi shilingi 50,000. Gharama zote zilikuwa shilingi 950,000. Vichwa 80 viliharibika njiani, akauza 920. Siku ya kawaida aliuza kwa shilingi 1,200, akapata 1,104,000, na faida yake ikawa 154,000. Siku ambazo malori mengi yalifika Jinja pamoja, bei ilianguka hadi 900 hivi, naye akapoteza 122,000. Hii ndiyo sura ya hasara zake za zamani: gharama hazikubadilika, bali bei ya kuuzia ilianguka.

Sasa zitazamwe hizi saba. Bei alizouzia ni 1,200 mara mbili, 1,150 mara moja, 1,100 mara mbili, 1,050 mara moja na 1,000 mara moja. Hakuna hata siku moja ambayo bei ilianguka hadi 900. Kilichobadilika ni upande mwingine wa daftari. Anaeleza kuwa wanunuzi wenye malori makubwa sasa hupanda mlimani na kununua shamba zima, hata bei ya shamba imefika 850. Mwenye gari naye ametoza 280,000 tangu safari ya kwanza kati ya hizo saba. Gharama zake ni shilingi 1,180,000, yaani zimepanda kwa 230,000. Akiuza vichwa 920 kwa bei nzuri ya 1,200 bado hupoteza 76,000.

Dalili ya kwanza ya njia iliyoharibika ndiyo hiyo: siku nzuri imeanza kuleta hasara. Katika mfululizo wa kawaida siku mbaya ndizo zinazofuatana, na siku nzuri ikitokea hulipa kama ilivyolipa zamani. Kama safari saba hizi zingekuwa na gharama za zamani, sita kati yake zingeleta faida, na ya saba ingepoteza 30,000 tu. Soko la Jinja halikumwonea.

Kipimo cha pili ni bora zaidi, nacho kinafaa kwa kila mwenye daftari. Na achukue safari zake zote 100 za zamani, na katika kila moja aongeze gharama mpya, kana kwamba anaifanya leo. Gharama zimepanda kwa 230,000, kwa hiyo kila safari iliyompa faida chini ya hapo inageuka kuwa hasara. Katika faida zake 60, ni 9 tu zilizovuka kiasi hicho. Daftari lililokuwa na faida 60 na hasara 40 lingekuwa na faida 9 na hasara 91, na wastani wa 42,000 ungegeuka kuwa hasara ya 188,000 kwa kila safari. Kwa kibuyu kama hicho, chenye nyekundu 91 katika punje 100, hasara saba mfululizo ndizo za kutarajiwa.

Shauri lake basi ni kusimama, si kwa sababu hasara zimefika saba, bali kwa sababu daftari limejibu. Wala hana haja ya kuacha kabichi milele. Akipata mwenzake wa kushirikiana lori, na sehemu yake ya ukodi ikashuka hadi 150,000, daftari la zamani laonyesha kuwa atatoka sawa, bila faida wala hasara, bei ya shamba ikiwa karibu 790. Chini ya hapo aende. Juu ya hapo abaki nyumbani, hata kama majirani wanapakia.

Neno moja la tahadhari. Kipimo hiki hudhani kuwa bei za kuuzia zitabaki kama za miaka miwili iliyopita. Kama wanunuzi wakubwa wanapeleka kabichi zote Kampala, huenda zikapungua Jinja na bei ikapanda. Kwa hiyo aulize bei ya Jinja kila juma hata asipokwenda, aiandike, na ahesabu safari ambayo angeifanya. Safari ya karatasi haina ukodi wa gari.

SWALI LA PILI. Mama wa Jinja hununua dagaa wakavu, wale waitwao mukene, katika mwalo wa Masese na kuwauza Mbale. Alisoma mahali habari ya kuchomoa maharage, akaijaribu. Katika mwaka uliopita wenye majuma 52 alipata hasara majuma 15, kwa hiyo alitia punje 3 nyekundu na 7 nyeupe. Mwaka huu amepata hasara majuma sita mfululizo kati ya Machi na Mei. Alichomoa punje usiku mwingi, na nyekundu sita mfululizo hazikutokea. Anaogopa kuwa biashara imekufa. Anauliza kama aiuze mizani yake.

JIBU. Asiuze mizani. Kipimo chake hakikuwa kibaya, ila kilitiwa punje zisizo zake. Kibuyu hudhani kuwa kila juma halijui lililotangulia, kama punje isivyoijua iliyochomolewa kabla yake. Dagaa hawako hivyo.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi mpevu ukiangaza taa hazina nguvu ya kuwakusanya. Kwa hiyo kila mwezi una siku za upungufu. Baada ya kuvuliwa huanikwa juani, juu ya nyavu, mawe, mchanga au vichanja. Jua likiwapo hukauka upesi na kubaki na rangi ya fedha. Mvua ikinyesha siku mbili tatu hawakauki. Huoza, hukatika, huota ukungu, na wengi huishia kuuzwa kwa bei ndogo kuwa chakula cha kuku. Wale wachache waliokauka vizuri huwa ghali pale mwaloni, na wakisafiri katika hewa ya mvua huweza kurudia unyevu ndani ya gunia. Mvua hainyeshi juma moja ikaondoka. Juma la hasara katika masika huvuta jingine.

Daftari lake lenyewe linasema hivyo, akilisoma kwa majira. Katika majuma 13 ya Machi hadi Mei mwaka uliopita alipata hasara 8. Katika majuma 39 yaliyobaki alipata 7 tu. Alipochanganya yote katika kibuyu kimoja alipata wastani usiofanana na masika wala kiangazi. Kwa kibuyu chake cha punje 3 nyekundu, nyekundu sita mfululizo katika majuma 52 hutokea kiasi cha mara 1 katika 40, ndiyo maana hakuziona. Lakini kibuyu cha masika kina nyekundu 8 na nyeupe 5. Akichomoa mara 13 kwa kibuyu hicho, atakuta nyekundu sita zimefuatana kiasi cha mara 1 katika 5. Majuma yale yale sita, yaliyoonekana kuwa maajabu, yanakuwa jambo la kawaida.

Kisha apime kina cha hasara pia, kama alivyofanya mama wa Mbale. Anaandika kuwa hasara ya juma la masika mwaka uliopita ilikuwa wastani wa shilingi 35,000, na mwaka huu ni 38,000. Ukodi haukubadilika, wanunuzi wake Mbale ni wale wale, na majuma yenye jua hulipa kama zamani. Hakuna sehemu ya daftari iliyovunjika.

Siku ya kuamua itafika yenyewe, nayo ni baada ya mvua kukatika. Katika majuma ya ukavu hasara zake ni chache, 7 katika 39. Ikiwa jua limetoka, na katika majuma matano ya kwanza manne yakawa ya hasara, jambo hilo kwa kawaida ya kiangazi chake haliwezi kutokea hata mara 1 katika 200. Hapo ndipo aanze kutafuta kilichobadilika: bei ya mwaloni, nyavu, wanunuzi wapya, au mizani ya mtu mwingine.

Lakini barua yake ina jambo jingine ambalo hakuliuliza. Mfululizo ni wa kawaida, ila kawaida yenyewe ni mbaya kwa majira hayo. Mwaka uliopita, katika masika, hasara 8 za 35,000 zilikuwa shilingi 280,000. Faida 5 za 40,000 zilikuwa shilingi 200,000. Majuma 13 ya kazi yalimwachia upungufu wa 80,000, uliofunikwa na faida ya majuma yaliyobaki. Njia yake ni nzima kwa mwaka, lakini ina kipande kisicholipa. Kama anakwenda Mbale wakati wa mvua ili asipoteze wateja na meza yake sokoni, apeleke nusu ya mzigo na kuihesabu hasara hiyo kuwa kodi ya meza. Kama hakuna cha kupoteza, masika na iwe wakati wa kazi nyingine.

SWALI LA TATU. Kijana wa Mbale hucheza tiketi za kubahatisha mpira, ziitwazo mkeka. Huchagua michezo mitano na kuiunganisha, kwa shilingi 2,000. Amekosa mara 20 mfululizo. Mwenzake amemwambia kuwa hasara hizo ni za kawaida na kwamba asibadili njia. Anauliza kama mwenzake anasema kweli.

JIBU. Mwenzake anasema kweli kwa neno la kwanza na kumpoteza kwa la pili.

Na ichukuliwe michezo ambayo nafasi ya kupata ni nusu kwa nusu, kwa mfano kama magoli yatafika matatu au hayatafika, pale ambapo pande zote mbili zina uzito sawa. Kupata mitano yote pamoja ni nafasi 1 katika 32. Kwa hiyo kukosa mara 20 mfululizo ni jambo la kawaida kabisa: kati ya watu 100 wenye tiketi 20 za namna hiyo, karibu 53 watakosa zote. Mfululizo wake haumwambii lolote.

Lakini na atazame malipo. Mchezo wa nusu kwa nusu ungepaswa kulipa shilingi 2 kwa kila shilingi 1. Tuseme duka hulipa 1.85, na kilichobaki ni chakula cha duka. Kwa mchezo mmoja kipunguo hicho ni kidogo. Kikiunganishwa mara tano hukua: badala ya kulipwa mara 32 ya fedha yake, mshindi hulipwa mara 21.67. Kijana akinunua tiketi 32 atatoa shilingi 64,000. Kwa wastani itashinda moja, nayo italeta 43,340. Amepungukiwa na 20,660, bila bahati mbaya yoyote.

Kesi hii yafaa ikumbukwe na wafanyabiashara pia. Kijana yuko katika mfululizo wa kawaida, na njia yake ni mbovu vile vile, tena ilikuwa mbovu tangu tiketi ya kwanza. Angeshinda tiketi ya pili angeiita njia nzuri, nayo ingekuwa mbovu kiasi kile kile. Urefu wa mfululizo ni jambo moja, na uzima wa njia ni jambo jingine. Uzima hupimwa kwa kuuliza ni nini kinacholipa. Mama wa kabichi alilipwa kwa kuondoa chakula mahali kilipo kingi na kukifikisha mahali kinapohitajika, na mama wa dagaa vivyo hivyo. Anayenunua tiketi hawezi kutaja kazi anayolipwa kwayo, isipokuwa awe anaijua michezo kuliko waliopanga malipo, na ajue kwa kiasi kinachozidi kipunguo chote hicho. Daftari la tiketi mia kadhaa ndilo liwezalo kuthibitisha dai hilo. Hisia haziwezi.

Hakutaja umri wake. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 kuhusu bahati nasibu na michezo ya kubahatisha imekataza wenye umri chini ya miaka 25 kushiriki.

SWALI LA NNE. Bwana wa Jinja ana mkewe aliyeanza biashara ya kabichi kama ile ya swali la kwanza, kwa gharama za zamani. Ana shilingi 950,000 tu, ambazo ni gharama ya safari moja. Bwana anauliza: mtu aweke mpaka gani wa kusimama, na je, kuongeza mzigo baada ya hasara ni busara?

JIBU. Mpaka huwekwa kabla ya safari ya kwanza, mtu akiwa ametulia, na huandikwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Anayeuweka baada ya hasara ya tano huuweka kwa hofu au kwa hasira.

Namna ya kuupata ni hii. Kibuyu kimeonyesha kuwa njia nzuri yenye hasara 4 katika 10 yaweza kupata hasara saba mfululizo. Hasara ya kawaida ni 120,000. Mara saba ni 840,000. Hiyo ndiyo akiba inayopaswa kuwapo kando ya fedha ya safari. Mwenye kwenda na vichwa 1,000 anahitaji basi 950,000 za safari na 840,000 za kuvumilia, jumla 1,790,000. Mkewe ana karibu nusu ya hizo, kwa hiyo mzigo wake ni vichwa 500. Akienda na 1,000, hasara moja itamwacha bila fedha ya kujaza gari, naye ataondoka sokoni kabla njia yake nzuri haijapata nafasi ya kumlipa.

Akiba hiyo ikiisha, asimame, hata kama daftari bado linaonyesha kuwa njia ni nzima. Kusimama huko hakuthibitishi kuwa njia imeharibika. Ni kukubali kuwa mtaji wake hautoshi kuendelea kusubiri jibu. Na hasara zikifika tano, kabla ya akiba kuisha, afungue daftari na kufanya vile vipimo viwili: kama siku nzuri bado hulipa, na kama safari za zamani zingelipa kwa gharama za leo.

Kuhusu kuongeza maradufu, hesabu ni fupi. Hasara ya kwanza ni 120,000, ya pili kwa mzigo maradufu ni 240,000, ya tatu ni 480,000. Jumla ni 840,000. Akiba ambayo ingebeba hasara saba imekwisha kwa tatu. Na hasara tatu mfululizo si nadra kama saba. Katika safari 100 ni vigumu kuzikwepa, kwani michezo 98 kati ya 100 ya kibuyu huzionyesha. Tena vichwa 2,000 vikiteremshwa siku ambayo soko limejaa, vyenyewe huishusha bei zaidi.

Mwisho, mkewe ndiyo kwanza anaanza, na daftari lake lina safari chache. Safari 10 haziwezi kumwambia kama hasara zake ni 4 katika 10 au 6 katika 10, maana kibuyu chochote cha namna hiyo huweza kutoa matokeo ya kibuyu kingine katika punje chache. Mpaka afikishe safari 40 au 50, mzigo ubaki mdogo, na kila safari iandikwe kwa sehemu zake zote tano: bei ya shamba, gari, ushuru na upakizi, vilivyooza, na bei ya kuuzia. Mwenye kuandika faida na hasara peke yake, siku mfululizo utakapomjia atajua kuwa amepoteza, lakini hatajua kwa nini.